Mifuko mitatu, benki zilezile mbili

Mwalimu mmoja wa sekondari huku Oldeani alinitajia akiba yake kwa fahari, na fahari hiyo anaistahili. Ana vipande katika Mfuko wa Umoja, ana vingine alivyomnunulia mwanawe katika Mfuko wa Watoto, na baadaye akaongeza Mfuko wa Jikimu kwa sababu unatoa gawio. Akamalizia hivi: "Nimetawanya. Mmoja ukiyumba, miwili itanibeba."

Sehemu ya kwanza ya maneno yake inahusu nidhamu, na hapo sina la kumwambia mtu anayeweka akiba kwa mshahara wa ualimu. Sehemu ya pili ni dai kuhusu namna fedha zinavyofanya kazi, nalo linapimika. Ukilipima, unakuta kwamba mifuko hiyo ina majina tofauti na malengo tofauti, lakini haina sababu nyingi tofauti za kuyumba. Ikiyumba, ina uwezekano mkubwa wa kuyumba pamoja.

Ukiwa na kipande cha mfuko wa pamoja, humiliki kitu kinachoitwa "Umoja" au "Jikimu" chenye bahati yake peke yake. Unamiliki sehemu ndogo ya kila kilichomo ndani: hatifungani za serikali, amana za benki, hisa za kampuni. Thamani ya kipande ni thamani ya vitu hivyo vyote, ukiondoa madeni na gharama, ikagawanywa kwa idadi ya vipande. Kwa hiyo anayetaka kujua ametawanya kiasi gani anapaswa kuvuka majina ya mifuko na kuhesabu kilicho chini yake: fedha zangu ziko kwa nani, na kila mmoja ana kiasi gani?

Hapo ndipo udogo wa soko letu unapojitokeza. Mifuko ya UTT AMIS ilianza na Umoja mwaka 2005, ikafuata Wekeza Maisha mwaka 2007, Watoto na Jikimu mwaka 2008, Ukwasi mwaka 2013 na Hatifungani mwaka 2019. Ni mifuko sita katika nyumba moja, na siku hizi kuna mameneja wengine pia wanaouza mifuko yao kwa simu. Mifuko inaongezeka. Kampuni za kununuliwa haziongezeki kwa kasi hiyo. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na hadi leo orodha yake haizidi kampuni thelathini hivi. Ondoa zile za Kenya zilizoorodheshwa pia kwetu, kama KCB, Jubilee na Kenya Airways, ambazo hisa zake ni nadra kubadilisha mikono Dar es Salaam. Ondoa benki ndogo ambazo mfuko wenye mabilioni hauwezi kununua hisa zake bila kuivuruga bei. Wanaobaki unaweza kuwahesabu kwa vidole: NMB, CRDB, Tanzania Breweries, Kampuni ya Sigara, Saruji ya Twiga, Vodacom, na wengine wachache. Meneja wa mfuko wowote anayetaka hisa za Tanzania zenye faida, zenye gawio na zenye wanunuzi wa kutosha ataishia kwa hao hao. Simlaumu. Hana mahali pengine pa kwenda, na hata akiwa hodari kuliko mwenzake wa mfuko wa pili, wote wawili wanachagua kutoka meza moja.

Sasa tufanye hesabu. Asilimia nitakazotumia ni za mfano tu, nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane, wala si za mfuko wowote uliopo. Tuseme mtu ana shilingi milioni 9, milioni 3 katika kila mfuko. Mfuko wa kwanza una asilimia 50 katika hatifungani za serikali, 15 katika hisa za NMB, 15 za CRDB, 8 za Twiga, 5 za Breweries, 2 za Vodacom na 5 katika amana za benki. Mfuko wa pili una 55 za hatifungani, 14 za NMB, 12 za CRDB, 7 za Twiga, 4 za Breweries na amana 8. Mfuko wa tatu unapenda kipato zaidi: 70 za hatifungani, 8 za NMB, 10 za CRDB, 4 za Twiga na amana 8.

Kupima namna mifuko miwili inavyoingiliana ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Chukua kila kitu kilichomo katika yote miwili, andika asilimia iliyo ndogo kati ya hizo mbili, kisha jumlisha. Kwa mfuko wa kwanza na wa pili unapata 50 za hatifungani, 14 za NMB, 12 za CRDB, 7 za Twiga, 4 za Breweries na 5 za amana. Jumla ni 92. Maana yake, asilimia 92 ya fedha katika mifuko hiyo miwili imewekwa mahali pamoja na kwa uzito uleule. Aliyenunua mfuko wa pili ili kujikinga na wa kwanza amepata tofauti ya asilimia 8 tu. Kati ya mfuko wa kwanza na wa tatu jumla ni 77, ambayo bado ni kubwa.

Baada ya hapo sahau mifuko, ukusanye shilingi. Katika milioni 9 zote, milioni 5 na laki 2 na nusu ziko serikalini kwa njia ya hatifungani. Milioni 2 na laki 2 na elfu 20 ziko katika hisa za benki mbili. Laki 6 na elfu 30 ni amana, nazo pia ziko benki. Laki 9 zinazobaki ndizo zilizogawanyika kati ya saruji, bia na simu. Mtu huyu ana taarifa tatu za akaunti na, kwa kweli, ana wahusika wakubwa wawili: serikali na benki.

Tuitikise hesabu hiyo. Hisa za benki zikishuka kwa asilimia 30, na vingine vyote visisogee, mwenye mifuko mitatu anapoteza shilingi laki 6 na elfu 66, yaani asilimia 7.4 ya akiba yake. Angekuwa ameweka zote milioni 9 katika mfuko wa kwanza peke yake, angepoteza asilimia 9. Mtu ataniambia: si unaona, kutawanya kumesaidia! Lakini angekuwa ameziweka zote katika mfuko wa tatu peke yake angepoteza asilimia 5.4. Mfuko mmoja ungemkinga kuliko mitatu. Kilichopunguza maumivu ni uchache wa hisa za benki ndani ya mfuko wa tatu. Idadi ya mifuko haikufanya kazi yoyote. Wastani wa hisabati ndio uliofanya.

Wanaopenda hesabu za mtikisiko wanaweza kulitazama jambo hilo kwa upande mwingine. Ukigawa fedha sawasawa kati ya mifuko mitatu inayotikisika kwa kiwango kimoja na isiyofuatana hata kidogo, mtikisiko wa jumla unashuka hadi asilimia 58 hivi ya ule wa mfuko mmoja. Ikiwa mifuko hiyo inafuatana kwa kipimo cha 0.9, mtikisiko unashuka hadi asilimia 97 tu. Umefungua akaunti tatu ili upunguze asilimia 3.

Je, benki mbili kubwa si vitu viwili tofauti? Ni wapinzani, tena wakali. Karatu mjini kila mmoja anatafuta mshahara wa mwalimu yuleyule. Lakini wapinzani wanaweza kuugua ugonjwa mmoja. Mwaka 2016 serikali iliagiza taasisi za umma zihamishie fedha zao kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu. Benki zilizokuwa zimezoea amana hizo za bei nafuu zikabanwa, mzunguko wa fedha ukapungua, na mikopo isiyolipika ikaongezeka. Mwaka 2017 faida ya NMB na faida ya CRDB zote zilianguka kwa kiasi kikubwa, katika mwaka uleule na kwa sababu zinazofanana. Hisa ya CRDB, ambayo umma uliuziwa kwa shilingi 150 mwaka 2009 na ambayo baadaye ilipanda mara kadhaa ya bei hiyo, kufikia mwaka 2019 ilikuwa inauzwa chini ya shilingi 150. Miaka iliyofuata benki hizo zilipanda kwa nguvu, na zote zilipanda. Aliyekuwa nazo ndani ya mifuko mitatu alifaidi mara tatu, na pengine ndiyo sababu hakuna anayelalamika leo. Vitu vinavyopanda pamoja huonekana kama busara hadi vishuke pamoja.

Watu wa Karatu hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa vitabu. Mwaka 2020 mipaka ya dunia ilipofungwa, kulikuwa na kaya ambamo baba anaendesha watalii, mama ana duka la vinyago, na vyumba vya uani vimepangishwa kwa wapishi wa hoteli. Mapato matatu, na yote matatu yalikatika mwezi mmoja, kwa sababu yote yalipita katika lango moja la Ngorongoro. Jirani yao mwenye shamba la vitunguu Mang'ola alikuwa na pato moja tu, lakini liliendelea.

Kuna tabaka la pili la mwingiliano, na hili huwanasa hata waliosoma orodha kwa makini: kampuni inayomiliki kampuni. NICOL, kampuni ya uwekezaji iliyoondolewa sokoni mwaka 2011 na kurudishwa mwaka 2018, kwa miaka mingi imekuwa na hisa za NMB kama sehemu kubwa kabisa ya mali yake. Afriprise, iliyoorodheshwa mwaka 2018 ikiitwa TCCIA Investment, nayo imejengwa juu ya hisa za kampuni zilizomo katika soko hilohilo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na hisa za NMB mkononi, hisa za NICOL kwa dalali, na vipande vya mfuko wenye NMB ndani yake. Katika karatasi ana vitu vitatu. NMB ikipunguza gawio, anaumia kwa njia zote tatu. Anayenunua hisa za NICOL akidhani anaondoka kwenye benki ameirudia benki kupitia mlango wa nyuma.

Mwalimu wetu ana tabaka la tatu, ambalo halimo katika taarifa yoyote ya mfuko. Mshahara wake unatoka serikalini. Hatifungani zilizojaa katika mifuko yake ni deni la serikali. Mkopo wake, kama ilivyo kwa watumishi wengi, ni wa benki moja kati ya hizo mbili na unakatwa kwenye mshahara. Na sehemu nono ya faida za benki hizo inatokana na mikopo ya namna hiyo pamoja na hatifungani za serikali ambazo benki zenyewe zinashikilia. Akiba ya uzeeni iko PSSSF, ambayo ni miongoni mwa wenye hisa wakubwa wa CRDB. Hapa sharti niwe mwangalifu: mafao ya PSSSF hukokotolewa kwa kanuni inayoangalia mshahara na miaka ya utumishi, hivyo bei ya hisa ikishuka wiki hii haimpunguzii pensheni yake. Sitaihesabu kama mfuko wa nne. Lakini yeye na mpagazi wa mlimani wakinunua vipande vilevile hawajachukua kihatarishi kilekile. Mpagazi akikosa watalii, hatifungani zake zitaendelea kulipa riba. Mwalimu ameegemea nguzo ileile kwa mshahara na kwa akiba.

Mtu makini ataniuliza: mbona sijaona mifuko yangu ikishuka pamoja? Naangalia bei ya kipande kwenye simu, kila siku inapanda kidogo. Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo linalonifanya nisiamini kipimo cha bei peke yake katika soko letu. Hisa za baadhi ya kampuni zetu hukaa wiki au miezi bila mauziano ya maana. Bei ya Breweries iliwahi kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu sana, na meneja wa mfuko anapothamini hisa hutumia bei ya mwisho ya soko, hata kama ni ya zamani. Hatifungani nazo, zikithaminiwa kwa kuongeza riba siku hadi siku bila kuangalia bei ambayo mnunuzi angetoa leo, huchora mstari ulionyooka unaopanda. Utulivu wa namna hiyo unatokana na njia ya kuthamini. Mifuko miwili inaweza kuonekana haifuatani kwa sababu tu mmoja una hisa ambayo bei yake imeganda. Kwa hiyo, kwetu, orodha ya vilivyomo inasema ukweli kuliko mchoro wa bei.

Na siku ya kutoka ndiyo inayofichua zaidi. Mfuko hukurudishia fedha kutokana na akiba ya amana zake, na amana zisipotosha unauza mali. Hatifungani zinaweza kupata mnunuzi, kwa punguzo. Hisa zinahitaji mtu wa upande wa pili, na katika Soko la Dar es Salaam upande wa pili mara nyingi ni taasisi chache: mifuko ya hifadhi ya jamii, mifuko ya pamoja, wageni wachache. Wawekezaji wakitaka fedha zao kwa wingi kwa wakati mmoja, mifuko yenye hisa zilezile itapeleka sokoni bidhaa ileile siku ileile, na wanunuzi wa kawaida wa bidhaa hiyo ni mifuko hiyohiyo. Aliyedhani mfuko wa pili utakuwa mahali pa kukimbilia atajikuta katika foleni hiyohiyo.

Tatizo hili si letu peke yetu, ingawa kwetu limekolea. Ndugu zetu walioko Marekani wanaonunua mfuko unaofuata kampuni 500 kubwa, kisha wakaongeza mfuko wa teknolojia, wanakuta Apple, Microsoft na Nvidia juu ya orodha zote mbili. Nairobi nako Safaricom ina uzito mkubwa kiasi kwamba mfuko wa hisa usiokuwa nayo ndio unaohitaji kujieleza.

Niseme pia lisilokuwa kosa. Kuwa na mifuko kadhaa kwa malengo tofauti ni utaratibu mzuri wa nyumba. Fedha za ada ya Januari zinafaa kukaa Ukwasi, ambako hazikutani na hisa. Za mtoto zinafaa kutengwa mahali ambapo mzazi hatazigusa kwa harusi ya binamu. Hiyo ni mipaka ya matumizi, na mipaka ya matumizi ina faida yake kamili. Kuna hata sababu ya kuwa na mameneja wawili tofauti: meneja mmoja akikosea hesabu, mfumo wake ukikwama au akichelewesha malipo, wa pili bado yupo. Ulinzi huo ni wa kweli. Lakini unamlinda mtu dhidi ya ofisi, haumlindi dhidi ya kilichomo ndani ya vipande.

Anayetaka kujua alipo aombe mambo mawili kutoka kwa kila mfuko. La kwanza ni waraka wa toleo, ambao unataja ukomo wa hisa na hatifungani ambao meneja anaruhusiwa kufikia. La pili ni taarifa ya mwaka yenye hesabu zilizokaguliwa, ambamo uwekezaji huorodheshwa. Aangalie tarehe ya orodha, kwa sababu taarifa ya Juni iliyosomwa Machi inaeleza nyumba iliyokwisha kuhamishwa samani. Achukue karatasi, aandike wahusika badala ya mifuko: serikali, NMB, CRDB, Twiga, na kuendelea. Mbele ya kila jina aweke shilingi zake, akijumlisha hisa na amana za benki moja katika mstari mmoja, na NICOL aiandike chini ya NMB. Kazi hiyo haimalizi jioni moja.

Kwa mwalimu wetu, karatasi hiyo ikionyesha robo ya akiba iko katika benki mbili na zaidi ya nusu iko serikalini, simshauri auze chochote. Hatifungani za serikali ndizo mali imara kuliko nyingine zinazopatikana kwetu, na benki hizo mbili zinatengeneza faida. Ninachomwambia ni kwamba mfuko wa nne wa mchanganyiko, wa meneja yeyote, hautaibadilisha karatasi hiyo. Laki inayofuata ikienda katika kitu ambacho hakimo kabisa kwenye orodha au kimo kidogo tu, iwe miche ya kahawa au parachichi katika shamba la ukoo miteremko ya Oldeani, au hisa za saruji zilizonunuliwa moja kwa moja kwa dalali, itaibadilisha. Shamba lina ukame na tembo wake kutoka msituni, saruji ina bei ya makaa na ushindani wake, na vyote viwili ni vigumu kuviuza kwa haraka. Lakini mvua ikikatika Oldeani, riba ya hatifungani haitajua. Na siku Benki Kuu ikizibana benki, parachichi litaendelea kunenepa.